Makumbusho ni bure, lakini bila saa yako mlangoni huingii

Kuna makumbusho mjini Washington, Marekani, ambayo familia nyingi za Kiafrika zinazoishi huko huwapeleka wageni wao wakitoka nyumbani. Ni Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, mojawapo ya makumbusho ya Taasisi ya Smithsonian. Kiingilio ni bure kwa kila mtu, mwenyeji na mgeni. Hata hivyo, kila siku wapo wazazi wanaoshuka kwenye teksi na watoto wao, wakiwa wamevaa vizuri na kamera mkononi, halafu mhudumu wa mlangoni anawauliza swali moja tu: pasi yenu ni ya saa ngapi?

Wasiokuwa nayo hurudi, au hukaa kwenye benchi nje wakibonyeza simu kwa matumaini kwamba nafasi itajitokeza.

Kwa kuwa wasomaji wetu wengi wana ndugu upande ule, na miezi ya Juni na Julai ndiyo shule zetu zinapofungwa na bibi na babu wakapata safari za kwenda kuona wajukuu, tumeona tulieleze jambo hili kwa utulivu. Pasi yenye saa ni nini, kwa nini inawekwa hata mahali pasipolipiwa, na mzazi mwenye watoto wa umri tofauti aitumieje ili siku isiishie kwenye foleni.

Kwanza, kwa nini watu wahangaike hivyo

Makumbusho haya yalifunguliwa na Rais Barack Obama tarehe 24 Septemba 2016. Jengo lenyewe lina rangi ya shaba na limepandana kama taji la ngazi tatu, mtindo uliochukuliwa kutoka kwenye nguzo za kuchongwa za Wayoruba wa Nigeria. Msanifu wake mkuu, David Adjaye, ni Mghana kwa wazazi, lakini alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Watoto wetu hufurahi kusikia hilo.

Kuna kiungo kingine kisichofurahisha, nacho kinatugusa zaidi. Miongoni mwa vitu vilivyowekwa humo siku ya kufunguliwa yalikuwa mabaki ya meli ya Kireno iliyoitwa São José. Meli hiyo iliondoka Msumbiji Desemba 1794 ikiwa na watumwa zaidi ya 400, ikielekea Brazili. Kabla mwezi haujaisha ilipasuka kwenye miamba karibu na Cape Town, na karibu nusu ya waliofungwa ndani walikufa maji. Waliookoka waliuzwa. Kwa hiyo mzazi wa Pwani anayedhani biashara ya kuvusha watu Atlantiki ilihusu Afrika Magharibi peke yake, hapo atakutana na watu wa bahari yake mwenyewe. Vitu vingi vya meli hiyo viliazimwa kutoka makumbusho ya Iziko ya Afrika Kusini, hivyo vinavyoonyeshwa vinaweza kubadilika.

Ukiweka pamoja jengo jipya, historia iliyosubiriwa miaka mingi na mlango usiolipiwa, unaelewa kwa nini mwaka 2017 peke yake walipita watu zaidi ya milioni mbili. Pasi za miezi ya mwanzo ziliisha mapema sana. Ilifika mahali watu wakaanza kuzitangaza mitandaoni kwa bei, wakati zenyewe zinatolewa bure. Mzazi, hili ulishike: mtu akikuuzia pasi ya makumbusho haya, anakuuzia kitu ambacho hakukinunua.

Hesabu inayoongoza mlango

Wengi hudhani pasi yenye saa imewekwa ili foleni isiwe ndefu nje. Hiyo ni faida yake, ila sababu yenyewe iko ndani ya jengo, na inatokana na hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza.

Idadi ya watu walio ndani ya jengo kwa wakati mmoja ni sawa na watu wanaoingia kwa saa moja, mara saa ambazo kila mmoja anakaa. Chukulia mfano wa kubuni, ili tuone inavyokwenda. Wakiingia watu 400 kila saa na kila mmoja akakaa saa 2, ndani kutakuwa na watu 800. Sasa watu wale wale 400 kwa saa, lakini kila mmoja akakaa saa 4: ndani kuna 1,600. Mlangoni hakuna kilichobadilika, mhudumu hajaongeza hata mtu mmoja, lakini ndani watu wameongezeka mara mbili.

Hilo ndilo lililoikuta Washington. Makumbusho mengi huzoea mgeni wa saa moja na nusu au saa mbili. Hapa watu walikaa. Mtu anamleta mama yake mzee ambaye mwenyewe alikatazwa kukaa viti vya mbele kwenye basi, na mama anasimama mbele ya picha moja nusu saa, anasimulia. Nani atamwambia asogee? Wengine waliingia asubuhi wakatoka jioni. Lonnie Bunch, mkurugenzi aliyeyaanzisha makumbusho hayo, aliwahi kueleza hadharani kwamba wageni walikuwa wakikaa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Ni sifa kubwa kwa makumbusho, lakini kwa anayepanga mlango ni tatizo, kwa sababu kila saa inayoongezeka ndani inabidi ilipwe kwa kupunguza wanaoingia.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme jengo lisizidishe watu 1,600. Wageni wakianza kukaa saa 5 badala ya 4, hawawezi tena kuingia 400 kwa saa, bali 320. Wale 80 waliokosa hawaoni chochote kilichobadilika. Wanachoona ni kwamba kwenye simu pasi zimeisha.

Zipo sehemu nyingine duniani zilizochagua njia tofauti: kubana muda wa kukaa. Mjini Milano, Italia, ulipo mchoro wa ukutani wa Leonardo da Vinci wa Karamu ya Mwisho, unaingia na kikundi kidogo, mnapita milango inayofungwa nyuma yenu kabla ya mingine kufunguliwa mbele, mnakaa dakika 15, mnatoka. Kule si suala la nafasi ya kusimama. Leonardo alipaka rangi juu ya plasta kavu badala ya plasta mbichi, rangi ikaanza kubanduka mapema, na pumzi za watu, unyevu wa nguo zao na vumbi la viatu vinaudhuru mchoro. Kwa hiyo muda unahesabiwa kwa ajili ya ukuta. Washington haikuweza kufanya hivyo. Huwezi kumpa mtu dakika 15 za kuona miaka 600. Pasi yake inataja saa ya kuingia, haitaji saa ya kutoka.

Jambo jingine linalowachanganya wageni ni kwamba nafasi za kila saa si lazima zilingane. Asubuhi jengo ni tupu, hivyo mlango unaweza kumeza wengi. Baadaye wanaoingia wanapaswa kukaribiana na wanaotoka. Akropoli ya Athene, Ugiriki, inaonyesha hilo wazi. Ilipoweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku mwezi Septemba 2023, ilipangwa kwamba saa ya kwanza, kuanzia saa mbili asubuhi, waingie 3,000, na saa inayofuata 2,000, kisha idadi ibadilike kulingana na mwendo wa siku. Kabla ya hapo, karibu nusu ya wageni walikuwa wakijazana asubuhi kabla ya adhuhuri. Wengi walikuwa watu wa mabasi ya vikundi na wa meli za kitalii, ambao ratiba zao zinafanana.

Pasi inapatikanaje

Kwa makumbusho ya Washington, mlango wa kuingilia ni tovuti yao, nmaahc.si.edu. Kuna makundi mawili ya pasi. La kwanza ni la mapema: tarehe hufunguliwa moja moja, kiasi cha siku 30 kabla. La pili ni la siku hiyo hiyo, ambalo hutolewa saa 8:15 AM kwa saa za huko. Taratibu hizi zimewahi kubadilishwa mara kadhaa tangu 2016, kwa hiyo angalia tovuti wiki unayopanga kwenda, usitegemee alichokwambia jirani aliyekwenda mwaka juzi. Nami nijumuishe humo.

Hapa kuna mtego wa Mswahili. Kwenye skrini utaona 10:30 AM. Hiyo ni saa nne na nusu asubuhi yetu, na si saa kumi na nusu. Mtu mzima hukumbuka, lakini ukimtumia bibi picha ya pasi kwa simu bila maelezo, atajiandaa kwa saa ya kwake. Mwandikie pembeni kwa maneno.

Tofauti ya saa nayo inaweza kuwa msaada. Saa 8:15 AM ya Washington, wakati wa majira yao ya joto, ni saa tisa na robo alasiri Dar es Salaam na Nairobi. Wakati wa baridi, wanaporudisha saa zao nyuma, ni saa kumi na robo. Maana yake ni kwamba wazazi wa kule wanapokuwa wanahangaika kuwavalisha watoto na kutafuta maegesho ya gari, shangazi aliyeko Tanga, ametulia baada ya chakula cha mchana, anaweza kufungua tovuti ile ile na kuwachukulia pasi, kisha akawatumia. Barua pepe inayokuja ina msimbo wa kuskani, na picha ya msimbo huo kwenye simu inatosha mlangoni.

Kila kichwa kihesabiwe, hata mtoto wa mgongoni. Wazazi wengi hufikiri mtoto wa miaka miwili si mgeni kwa kuwa kwenye basi hakatiwi tiketi. Kwenye jengo linalohesabu watu, mtoto ni mtu, na kigari chake kinachukua nafasi ya wawili.

Familia ya watu sita

Wifi yangu anaishi Maryland, mwendo wa treni kutoka katikati ya Washington. Mwaka ambao mama mkwe alikwenda kuwatembelea, alipanga ziara hii kwa makini kuliko ninavyopanga sikukuu, na nilimwomba anieleze hatua kwa hatua. Walikuwa sita: yeye na mumewe, kijana wa miaka 14, binti wa miaka 9, mdogo wa miaka 3, na bibi mwenye magoti yasiyopenda ngazi.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuchagua siku kabla ya kuchagua saa. Aliepuka Jumamosi, akaepuka Februari, mwezi ambao Wamarekani huadhimisha historia ya Weusi, na akaepuka mwisho wa Machi na Aprili, miti ya cheri inapochanua na shule za majimbo yote kuleta mabasi. Alichagua Jumatano ya Septemba. Watoto walikosa shule siku moja, akawaandikia walimu barua. Kwa maoni yangu ilikuwa biashara nzuri.

Jambo la pili, saa. Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho tovuti haikwambii. Pasi husambaza watu mlangoni, ila haiwasambazi ndani. Makumbusho haya yana kumbi za historia chini ya ardhi, ghorofa tatu, na kumbi za utamaduni, michezo na muziki juu. Karibu kila anayeingia huambiwa aanze chini. Unapanda lifti kubwa inayoshuka huku miaka ikirudi nyuma ukutani hadi miaka ya 1400, kisha unatembea ukipanda taratibu kutoka enzi ya biashara ya watumwa hadi enzi zetu. Ni mpango mzuri sana. Lakini maana yake ni kwamba watu walioingia kwa vipindi tofauti mlangoni wanakutana tena kwenye foleni moja, ya lifti hiyo.

Halafu kule chini kabisa, mwanzo wa maonyesho ni mwembamba, una giza na dari la chini. Umejengwa hivyo makusudi, mgeni ahisi kubanwa kidogo anapofikiria tumbo la meli. Waliobuni walilenga hisia, na wakaipata, ila sehemu nyembamba kuliko zote ndiyo watu wanayoifikia wakiwa na nguvu zote na hamu ya kusoma kila kibao. Hapo pakijaa, lifti husubirishwa juu, na foleni huzunguka ukumbi.

Kwa hiyo wifi alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupata pasi ya mlango unapofunguliwa, saa nne kamili, na kwenda moja kwa moja kwenye lifti bila kupitia dukani wala chooni (watoto wamalize shughuli hizo kabla). Aliye mbele hana foleni. Njia ya pili, ukipata pasi ya saa tano, saa sita au baadaye, ni kwenda kinyume: panda juu kwanza, kwenye muziki na michezo na vyumba ambavyo watoto wanagusa vitu na kubonyeza, kisha shuka chini wimbi la asubuhi likishapita. Kosa ni kuingia saa sita mchana na kujiunga na foleni ya lifti pamoja na wengine wote.

Alipata pasi za saa nne na nusu. Si ya kwanza, lakini karibu. Aliamua wagawanyike, uamuzi ambao mama mkwe aliupinga kwanza, kwa kuwa kwao safari ni ya wote pamoja. Wifi akamwambia, "Mama, tutaungana chakula cha mchana, hamtapishana na kitu." Baba akamchukua mdogo juu. Wifi, bibi na watoto wakubwa wakashuka. Bibi alichukua kiti cha magurudumu cha makumbusho, kinachoazimwa bure, baada ya kukataa mara mbili. Njia ya chini ina miteremko badala ya ngazi, hivyo kiti kilipita kote.

Kitu kimoja wazazi wakijue kabla ya kushuka. Maonyesho yenye picha za ukatili yamezungushiwa mpaka mwekundu, ili mzazi aone mbele kabla mtoto hajafika. Wifi alimruhusu kijana wa miaka 14 kuona yote. Binti wa miaka 9 alipita upande wa pili kila palipokuwa na wekundu. Kuna pia chumba lilimowekwa jeneza la kwanza la Emmett Till, kijana wa Chicago aliyeuawa Mississippi mwaka 1955 akiwa na miaka 14. Hakuna kupiga picha humo, watu huingia kwa utulivu, na mara nyingi foleni hujitokeza hapo pia. Kijana aliingia na bibi. Wifi hakuniambia walichozungumza.

Wakatoka chini baada ya karibu saa tatu, ikiwa saa saba na nusu mchana. Hapo wakakutana na tokeo la pili la pasi za asubuhi: kila aliyeingia saa nne au tano anakuwa na njaa saa saba. Mgahawa wa ndani ni mzuri na vyakula vyake vinafuata mikoa ya Wamarekani Weusi, lakini foleni yake saa hiyo haina tofauti na ya lifti. Baba wa mtoto alishakula na mdogo mapema, saa tano na nusu, kabla pilika hazijaanza, na alikuwa ameshika meza. Hiyo haikuwa bahati. Ilikuwa ndiyo kazi aliyopewa.

Anayechukua pasi asije

Mpango huu una udhaifu mmoja mkubwa, na unatokana na ubure wenyewe. Kitu ambacho hukukilipia ni rahisi kukiacha. Mtu anachukua pasi sita za Jumanne na sita za Alhamisi ili aamue baadaye, kisha Alhamisi mvua inanyesha wanakwenda dukani. Kwenye tovuti siku hiyo inaonekana imejaa, huku ndani kuna nafasi. Anayeumia ni yule mama aliyekaa kwenye benchi.

Wenye makumbusho wana dawa mbili. Ya kwanza ni kutoa pasi nyingi kidogo kuliko nafasi zilizopo, wakikisia wangapi hawatafika, kama mashirika ya ndege yanavyofanya. Wakikisia vibaya, wote wakaja, mlango unajaa. Ya pili ni kuacha baadhi ya siku bila pasi kabisa. Washington walijaribu hilo: Jumatano za Aprili 2018 mtu aliweza kufika na kuingia, na Septemba mwaka huo wakafungua hivyo siku za kazi, kwa kuwa Septemba wageni hupungua. Likaja janga la Uviko-19, makumbusho yakafungwa Machi 2020, na yalipofunguliwa tena idadi ilibidi ihesabiwe kwa makini zaidi, pasi zikarudi.

Mimi naona pasi ni bora kuliko foleni ya juani, hasa ukiwa na mtoto mdogo na mzee. Lakini mlango ambao unafunguliwa kwa simu peke yake unamwacha nje mtu asiye na simu nzuri au asiyejua Kiingereza cha tovuti, na mara nyingi huyo ndiye mwenye historia ile mwilini. Siku chache za kufika na kuingia, katika miezi isiyo na watu, zisifutwe.

Kwa upande wako, mzazi, ukiona hamtakwenda, fungua ile barua pepe na ufute pasi zako. Hurudi kwenye hesabu, na mwingine anayebonyeza simu wakati huo anaziona. Hii pia ndiyo sababu inafaa kuangalia tovuti tena jioni ya kuamkia siku yenyewe, hata kama asubuhi uliambiwa zimeisha: watu hufuta usiku, wanapoona utabiri wa hewa au mtoto amepata homa.

Dalili za mpango unaokwenda vibaya

Ukifika mahali popote penye pasi za saa, iwe makumbusho, ngome ya kale au bustani, unaweza kujua ndani ya dakika tano kama mpango umekaa sawa. Tazama foleni ya nje inapofika mwanzo wa kipindi. Kama imejaa watu dakika za kwanza halafu mlango unakuwa mtupu hadi kipindi kijacho, vipindi ni virefu mno. Watu wenye pasi ya saa nne hadi saa tano wote hufika saa nne, kwa hofu ya kuchelewa. Vipindi vya robo saa au nusu saa huvunja msongamano huo.

Tazama pia ukaguzi wa mabegi. Haijalishi pasi imepangwa vizuri kiasi gani, kama mashine ya kukagua ni moja na kila familia ina begi la nepi, chupa na vitafunio, kasi ya mlango ni kasi ya mashine hiyo. Familia ya wifi ilikwenda na begi moja dogo tu kwa watu sita, na walifika robo saa kabla. Makumbusho ya Anga na Vyombo vya Angani, yaliyoko umbali wa kutembea kwenye uwanja ule ule mkubwa, nayo yalianza kutumia pasi za saa za bure yalipofunguliwa upya Oktoba 2022. Ukitaka kuona yote mawili siku moja, usiweke pasi ya pili karibu na ya kwanza. Kwa mtoto wa miaka 9 aliyetoka kumbi za chini, muda wa kukaa kwenye nyasi na kula aiskrimu kabla ya kwenda kuangalia ndege si muda uliopotea, na kwa bibi vivyo hivyo.